Naomba ushauri: mhusika akiinuka kutoka ragidoli akiwa chali anazunguka nyuzi 180

Habari zenu wakuu, nina mhusika kwenye Unity, akigongwa anaanguka kwa ragidoli na akitulia anatakiwa ainuke, nina klipu mbili, ya kuinuka chali na ya kuinuka kifudifudi. Kujua amelalaje naangalia mfupa wa nyonga, kwenye rigi yangu mhimili wa mbele unatokea tumboni:

```
bool chali = hips.forward.y > 0f;
```

Hapo iko poa. Kisha nahamisha ruti hadi ilipo nyonga, narudisha nyonga mahali pake maana ni mtoto wa ruti inavutwa nayo, nahifadhi mzunguko wa kila mfupa alafu kwa nusu sekunde naublendi kwenda fremu ya kwanza ya klipu.

Kifudifudi anainuka safi kabisa. Chali ndo shida, ile nusu sekunde mwili mzima unazunguka chini kama mshale wa saa, kichwa kinaishia zilipokuwa nyayo. Ruti naielekeza toka nyonga kwenda kichwani mara zote, nahisi kosa ni hapo, kwasababu aliyelala chali akikaa anatazama miguu yake. Je nigeuze uelekeo kwa chali tu? Na akilala ubavu, y ikiwa karibu na 0, nyie mnachagua klipu gani?