Tupeane uzoefu: laini kuhamishwa usiku, na namna ya kuacha kutegemea kodi, yaani namba za kuthibitisha, zinazokuja kwa meseji

MaweMatatu (Bwiru)
Wakuu, kuna kisa cha duka la vitenge pale Makoroboi kimenifanya nianzishe uzi huu. Ijumaa saa 2 na dakika 10 usiku simu ya mwenye duka ilipoteza mtandao, yeye akadhani ni mnara, kumbe namba yake imehamishiwa kadi mpya aliyonayo mwizi. Saa 2:25 kaingiwa Gmail. Saa 3 kasoro ukurasa wake wa Facebook ulishabadilishiwa barua pepe, na wateja wanatumiwa ujumbe wa kulipia mzigo kwenye namba wasiyoijua. Kinachouma ni kwamba programu ya Authenticator, ile inayotoa kodi za kuingia bila meseji, alikuwa nayo! Wenye uzoefu mwageni hapa, hasa kilichovuja ni nini.

DagaaMkavu
Hayo yapo sana. Wiki hiyo hiyo jirani yangu wa Kirumba yalimkuta.

FundiBuzuruga
Nimeiona simu ile, niseme kilichovuja. Nywila yake alishaiingiza siku tatu kabla kwenye kiungo cha ukurasa bandia. Programu ya kodi aliiweka vizuri, lakini namba ya simu aliiacha kama njia ya pili ya kuingia. Mwizi akiulizwa kodi ya programu hahangaiki nayo. Anabonyeza `Try another way`, anachagua kutumiwa meseji, na meseji inafika kwenye laini mpya iliyo mkononi mwake. Kuweka programu bila kuitoa namba ni kufunga mlango wa mbele na kuuacha wa uani wazi.

Utaratibu wenyewe una mpangilio, na ukiugeuza unaweza kujifungia nje mwenyewe. Kwenye Gmail ingia `myaccount.google.com`, kisha `Security`, kisha `2-Step Verification`. Anza na `Authenticator`: piga picha ule mraba wa vidoti kwa kutumia programu yenyewe, andika tarakimu 6 zinazotokea. Pili, fungua `Backup codes`. Utapewa kodi 10, kila moja tarakimu 8, na kila moja inatumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, ziweke unapoweka hati ya kiwanja, usizipige picha na kuziacha kwenye simu hiyo hiyo. Hapo ndipo unaondoa namba, na inakaa sehemu mbili: chini ya `2-Step Verification`, na tena kwenye `Recovery phone`. Wengi wanatoa ya kwanza tu.

Ukimaliza jipime. Azima simu ya mtu, fungua kivinjari kwa dirisha la faragha, ingia kwa nywila yako, ukifika kwenye kodi bonyeza `Try another way`. Ukiona bado kuna mstari wa kutumiwa kodi kwenye namba yenye vidoti na tarakimu za mwisho za laini yako, kazi haijaisha.

BintiNansio
Samahani, mimi nasafiri kwa meli kwenda Ukerewe kila wiki na mtandao unakata ziwani. Ina maana kila safari nimeibiwa laini? 😅

FundiBuzuruga
Hapana dada. Muulize abiria mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo. Yake nayo ikiwa kimya, ni ziwa. Mkishafika Nansio, yake ikashika na yako ikabaki imeandika `No service` hata baada ya kuzima na kuwasha, azima simu ujipigie. Namba yako ikiita huku simu yako imekufa mkononi, laini iko kwa mtu mwingine. Nenda kituo cha kampuni na kitambulisho muda huo huo, usisubiri asubuhi kama kuna kilicho wazi. Na ile programu ya kodi haihitaji mtandao kabisa, hata katikati ya ziwa inatoa tarakimu mpya kila sekunde 30.

KamandaIgoma
Mnazunguka bure. Weka namba ya siri kwenye laini, mwisho wa habari. Mtu hawezi kuitumia bila kuijua.

MaweMatatu (Bwiru)
Kamanda, namba ya siri ya laini inakaa ndani ya kile kijikadi chako. Aliyerinyuu laini amepewa kadi mpya, na hiyo ina namba yake ya siri ya kiwandani. Yako imebaki kwako kama kipande cha plastiki.

KamandaIgoma
Kwa hiyo haina kazi?

FundiBuzuruga
Ina kazi, ila kwa mwizi mwingine. Aliyekuchomolea simu kwenye daladala atatoa laini aiweke kwenye simu yake apokee kodi zako. Huyo namba ya siri inamzuia: akikosea mara 3 ataombwa PUK. Kwa hiyo iweke, lakini usiseme mwisho wa habari.

KamandaIgoma
Basi nimesema nusu. Na *106# je? Si inaonyesha?

FundiBuzuruga
Inaonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Inakusaidia kumkamata wakala wa mwavuli aliyekuambia "kidole hakijasoma, weka tena" kumbe anasajili laini nyingine. Namba yako ikihamishiwa kadi nyingine haitakuonyesha kitu, kwa sababu namba bado ni ya kwako.

MamaSamaki
Wanangu, mimi barua pepe sina. Pesa za kwenye simu ndizo nataka kujua, zitachukuliwa?

MaweMatatu (Bwiru)
Mama, akipata laini bado anatakiwa namba yako ya siri ya pesa. Hiyo haikai kwenye laini. Hatari ni kama umeweka mwaka wako wa kuzaliwa. Namba ya NIDA inaanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, na mwizi aliyehamisha laini mara nyingi ameshaiona. Badilisha leo.

MamaSamaki
Nimebadilisha sasa hivi. Asante mwanangu.

SatoMbichi
Mimi nashauri tofauti. Tumieni laini ya siri, isiyojulikana na mtu, iwe ya kupokea kodi tu. Iwekeni kabatini.

DagaaMkavu
Laini ya kabatini isipotumika inafungwa, kesho anauziwa mtu wa Sengerema. Kodi zako anapokea yeye bila hata kuiba 🤣

SatoMbichi
Ukiiwekea vocha kila mwezi haifungwi. Na simu ya programu ikitumbukia ziwani je? Karatasi nayo ikaliwa na mchwa?

FundiBuzuruga
Hoja ya Sato ina uzito kwa mtu asiyetunza karatasi, sitabishana. Mimi ningeweka programu kwenye simu mbili, ule mraba unapigwa picha na zote kwa wakati mmoja. Kodi ikikataliwa, angalia kwanza saa ya simu. Iweke ijirekebishe yenyewe, maana saa ikipotea kwa dakika chache tarakimu hazilingani.

BintiNansio
Na WhatsApp haina hiyo programu, tunafanyaje?

MaweMatatu (Bwiru)
`Settings`, `Account`, `Two-step verification`, weka namba ya siri ya tarakimu 6, na uongeze barua pepe ambayo umeshaifunga kama Fundi alivyosema. Barua pepe hiyo ikiwa bado inafunguka kwa meseji, mwizi ataitumia kuifuta namba ya siri. Usipoweka kabisa, yeye akikuwahi ataweka ya kwake. Hapo hata ukirudishiwa laini, utamtoa lakini nawe utasubiri siku 7 ndipo uingie.

DagaaMkavu
Siku 7 ndizo jirani yangu anazihesabu. Leo ya 4. Wateja wake wa dagaa tumewabandikia karatasi pale Mwaloni yenye namba ya mkewe.