Kikundi cha ukoo: Juma na usingizi wa mlimani

Neema: Shikamooni. Jana tumefika huu mji wa mlimani, mita 3,200. Sijalala. Juma anavuta pumzi nzito mara nne tano, halafu kimya, kifua hakiendi kabisa. Nilihesabu hadi kumi na mbili, ndipo akashtuka kama mtu anayeibuka majini. Nimemwamsha mara sita nikidhani ananifia.

Mjomba Hamisi: Huko asilimia ya oksijeni ni ndogo, mwanangu. Mezeni kidonge cha usingizi, mtalala.

Shangazi Rehema: Kaka, kidonge hicho hapana! Kinapunguza upumuaji, na pombe vilevile. Asilimia ni ileile 21. Kilichopungua ni kanieneo ya hewa, hapo ni kama theluthi mbili ya ile ya usawa wa bahari. Neema, anakoroma?

Neema: Hakoromi.

Salim: Mimi nilikuwa hivyohivyo hadi nikapewa mashine ya kusukuma hewa ninapolala. Apimwe.

Shangazi Rehema: Salim, wewe koo linaziba, kifua kinahangaika hewa haipiti. Juma kifua kimetulia tu. Oksijeni ikiwa haba anapumua sana, anaitoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Mtu akilala, ubongo unaisubiri gesi hiyo ndiyo uamuru pumzi. Imepungua, basi unanyamaza. Ikijikusanya tena anavuta kwa pupa, anazinduka, na mzunguko unaanza upya.

Mjomba Hamisi: Kumbe. Sasa si hatari?

Shangazi Rehema: Yenyewe kwa kawaida si hatari, inachosha tu. Usimwamshe, Neema, mwili unamwamsha wenyewe. Kichwa kinamuuma?

Neema: Asubuhi kidogo, kikapoa. Anakula vizuri. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 89 akiwa macho, usingizini kinapanda na kushuka.

Shangazi Rehema: Namba usingizini hucheza hivyo, msiikodolee macho. Mwangalie yeye. Akitapika, akiyumba akitembea, akichanganyikiwa, au akihema huku amekaa tu, mteremke saa hiyohiyo, hata usiku.

Neema: Kesho anataka tukalale mita 3,900.

Shangazi Rehema: Mno! Ukishapita 3,000, kitanda kisipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kaeni hapo usiku mwingine. Ikizidi kumsumbua, daktari anaweza kumpa asetazolamaidi, kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni. Figo zinatoa bikaboneti, damu inakuwa na asidi kidogo, ubongo haunyamazi ovyo. Vidole vitawashawasha na atakojoa mara nyingi. Kama ana mzio wa dawa za salfa, amwambie daktari kwanza.

Salim: Nami nakuja wiki ijayo. Mashine yangu itafanya kazi huko?

Shangazi Rehema: Hilo muulize aliyekupa mashine kabla hujasafiri. Wewe utakuwa na mambo mawili kwa pamoja, koo kuziba na hewa ya mlimani.

Neema: Juma anasema 3,900 alishalipia. Bado tunabishana.

Neema: Amesinzia katikati ya ubishi. Kifua kimesimama… saba, nane, tisa… kimeanza. Sijamgusa, Shangazi.