Naomba ushauri: hati ya chama nitume kwa PDF au .docx?

Wadau, mimi ni katibu wa chama chetu hapa Kondele, Kisumu. Jumapili nilituma kumbukumbu za mkutano kwa .docx. Kwenye kompyuta yangu jedwali la michango lilikaa sawa, lakini mama mmoja alipolifungua kwa simu, safu ya mwisho ilikuwa imesukumwa nje ya ukurasa. Akadhani deni lake limefutwa! Nashuku ni fonti: simu haina ile niliyotumia, ikaweka nyingine iliyo pana zaidi.

Nikatuma PDF, wote wakaona sawa, ingawa kwa simu ni kukuza na kusogeza tu. Sasa mweka hazina, anayetumia LibreOffice, analalamika hawezi kujaza malipo mapya. Nimtumie yeye peke yake .docx, au .odt, wengine wabaki na PDF?