Tupeane uzoefu: juri ina mtu mmoja asiyesema kitu

Kijana wa Himbi
Bandugu, hapa Goma ukitaka kazi ya shirika la misaada ni lazima upite kwenye usaili, mbele ya juri ya watu watatu au wanne. Mara nyingi mmoja wao hasemi kitu, anaandika tu, na huyo ndiye anayevuruga watu. Mliokaa upande ule wa meza, mtu amwangalie nani?

Mama Birere
Anza na aliyeuliza, geukia wengine kila unapoingia hoja mpya, malizia kwa aliyeuliza. Tuseme shefu wa lojistiki anauliza: "Orodha ina familia 400, vifurushi vimefika 350. Utafanya nini?" Ukimtazama yeye, sema ugawaji unasimama kwanza, mnahesabu mzigo upya pamoja na dereva, mkiwa na karatasi ya kupokelea. Ukifika kwenye nani atangulie, wajawazito, walemavu, wazee wasio na mtu, mgeukie yule wa kimya. Kisha rudi kwa lojistiki: familia 50 zilizobaki zinaandikwa kwa majina, na kamati yao inaambiwa mbele ya watu wote kabla kifurushi cha kwanza hakijatoka. Dakika mbili zinatosha. Wa kimya naye huwa na karatasi yake ya pointi, na kwa kawaida kila mmoja anaandika zake kabla hawajalinganisha. Ukijibu kwa mwenye tabasamu peke yake, pointi za wengine unaziacha mezani.

Kadutu 1
Kweli kabisa. Mimi naongeza: mwulize wa kimya kama ana swali.

Mzee wa Katindo
Hapana, ndugu. Pengine ni mtazamaji aliyetumwa na mfadhili, haruhusiwi kusema. Utamwaibisha.

Kadutu 1
Mtazamaji huwa anatambulishwa mwanzoni, Mzee. Asipotambulishwa, kuuliza kuna ubaya gani?

Dada Furaha
Na mimi niko Bukavu, Alhamisi nina testi ya Ekseli. Nibebe kompyuta yangu?

Mama Birere
Dada, hiyo ni testi ya kuandika. Waulize waliokuita, leo hii.

Fundi CV
Na kwenye juri kukiwa na mkali, msimwogope. Amepewa kazi ya kukaripia, moyoni hana neno.

Mzee wa Katindo
Si kila mara. Akikukatiza mara moja, "hujajibu swali langu", nyamaza kidogo, uulize: "Shefu, unataka hatua zenyewe au sababu yake?" Jibu kwa sentensi tatu, sauti ile ile, wala usimkimbilie mpole akuokoe. Lakini akirudia jambo lile lile mara ya pili, ana shaka ya kweli. Mara nyingi ni miaka isiyoungana kwenye CV. Hapo toa mwezi na mwaka, useme ulikuwa unafanya nini, utaje mtu anayeweza kuthibitisha. Ukimchekea, shaka inabaki kwenye karatasi yake.

Kijana wa Himbi
Na kama wa kimya yuko Kinshasa, kwenye skrini?

Mama Birere
Ukimgeukia, tazama kamera, siyo sura yake. Ukimaliza kujibu, subiri. Sauti huchelewa, na wengi hujaza kimya hicho kwa maneno yanayoharibu jibu zuri.