Nimeuziwa bronzi isiyosawazishwa, inapasuka naambiwa sijui kugonga

FundiKibirizi: Wakuu, nina hasira. Niliagiza karakana fulani fito mbili za bronzi, stani asilimia 8, unene milimita 25, nizikunje baridi ziwe vishikizi vya usukani wa boti hapa Kigoma. Ya kwanza imepasuka pigo la tatu. Napiga simu, naambiwa: "Tuliiacha ipoe polepole mchangani usiku kucha."

Polepole gani? Joto la juu linakwisha mapema, usiku uliobaki fito imelala tu. Bronzi hii inaanza kuganda juu ya nyuzi 1,000. Matawi ya kwanza ya fuwele yanakuwa na stani kidogo, asilimia kama 2. Stani nyingine inasukumwa kwenye majimaji, na tone la mwisho katikati ya matawi linaganda limejaa stani. Kusawazisha hapo ni kuhamisha atomi ndani ya kitu kigumu, na muda huo hawakuupa.

Nimekata kipande, nikakisugua kwa msasa laini mpaka kikang'aa, nikakipaka feri kloraidi. Chini ya hadubini matawi yanaonekana waziwazi, na katikati yake kuna vidoa vya samawati-kijivu, ndipo stani ilipojaa. Ufa umepita humohumo!

Mama_Lathe: Pole kaka, ila vidoa hivyo ni vizuri. Bushi nazochonga zinadumu kwa sababu yake.

FundiKibirizi: Kwa bushi sawa, dada, shafti inateleza juu yake. Mimi nakunja.

Mhunzi_Ujiji: Hata pangaboi langu la alumini limepasuka. Nilipashe moto?

Metali_Tabora: Mkuu, hilo ni suala jingine, fungua uzi wako. FundiKibirizi, fito ya pili usiigonge. Ipashe nyuzi 700, uishikilie saa kadhaa, kisha ukate kipande na ukague tena. Vidoa vikiwepo, rudisha tanurini. Usikaribie nyuzi 800, sehemu zenye stani nyingi zitaanza kuyeyuka wakati fito bado inaonekana nzima.

FundiKibirizi: Wao wanasema waliipasha nyuzi 450 saa nzima.

Metali_Tabora: Hiyo haikusaidia kitu, atomi za stani zinasogea taratibu mno hapo. Na kupoa polepole kumewaumiza: matawi yanakuwa manene. Nafasi kati ya matawi ikiongezeka mara mbili, muda wa kusawazisha unaongezeka mara nne. Kalibu ya chuma ingekupa matawi membamba, ungemaliza mapema.

Mama_Lathe: Na vitundu vya gesi vitazibika?

Metali_Tabora: Hapana, hivyo tanuri haivigusi. Ndiyo maana simwahidi kwamba fito ya pili itakunjika.

FundiKibirizi: Basi nataka pesa yangu. Wao wanadai oda haikuandika "kwa kukunja". Niliwaambia kwa mdomo, mbele ya dereva wao.

Mama_Lathe: Kwa mdomo? Hapo kaka, sijui.