Jacobi inanipeleka mbali na jibu, nakosea wapi?

Kipanga77: Wakuu, naombeni msaada. Nina milinganyo miwili: x + 4y = 9 na 5x + y = 7. Nikikokotoa kwa mkono napata x = 1, y = 2. Kwa Jacobi, yaani kurudia hesabu kwa kutumia thamani za raundi iliyopita, natafuta x kwenye wa kwanza na y kwenye wa pili, naanzia (0, 0). Inakuja (9, 7), kisha (−19, −38), kisha (161, 102). Nimerudia mara tatu, kosa silioni.

Bi_Namba: Hesabu zako ni sahihi, mpangilio ndio tatizo. Tanguliza 5x + y = 7. Sasa x = (7 − y)/5 na y = (9 − x)/4. Utapata (1.4, 2.25), (0.95, 1.9), (1.02, 2.0125).

Pima umbali kutoka kwenye jibu. Kosa jipya la x ni moja ya tano ya kosa la y lililopita, na kosa jipya la y ni robo ya lile la x. Ishara tu ndiyo inageuka. Kosa kubwa kati ya hayo mawili lilikuwa 2, likawa 0.4, 0.1, 0.02. Kwa mpangilio wako wa mwanzo, kosa lilikuwa likizidishwa kwa 4 na kwa 5.

Hata milinganyo ikiwa mingi hali ni hiyo hiyo. Ukiacha ishara, kila mstari namba ya kwenye ulalo, yaani ile ya herufi unayoitafuta kwenye mstari huo, ikizidi jumla ya wenzake, ukigawa kwayo waliobaki wanajumlishwa chini ya 1. Makosa yote yakivuta upande mmoja kwa nguvu zote, bado kosa jipya litakuwa dogo kuliko kubwa la zamani. Mstari dhaifu kuliko yote ndio unaoamua kasi unayohakikishiwa.

Mwl_Fizikia: Kwa hiyo ulalo usipozidi, Jacobi haifiki.

Bi_Namba: Hapana, mwalimu. Chukua x + 2y = 5 na x + 8y = 17. Mstari wa kwanza umeshindwa, lakini kosa linazidishwa kwa 2 kisha kwa 1/8, hivyo kila raundi mbili linabaki robo. Ulalo ukizidi una uhakika. Usipozidi, huna uhakika, basi.

FundiJoto: Mimi nakokotoa joto la bati. Kila nukta ina 4 kwenye ulalo na majirani wanne wa −1, yaani sare. Inatulia, ila kwa nukta 100 × 100 nasubiri sana.

Bi_Namba: Nukta za pembeni zina jirani mwenye joto linalojulikana, naye anahamia upande wa kulia. Pale ulalo unashinda, na kupungua kwa kosa kunaingia ndani polepole kutoka kingoni. Gauss-Seidel, inayotumia thamani mpya papo hapo, itakupunguzia raundi hadi karibu nusu kwa bati lako. Bado ni nyingi.

Kipanga77: Nimegeuza, imekubali. Asante sana dada. Ila nina nyingine ya mistari mitatu, na mmoja ni 3x + 3y + z = 7. Huo nauweka wapi?

Bi_Namba: Huo hautashinda popote. Weka yote mitatu hapa tuione.