Naomba ushauri: picha ya malipo imetumwa bila neno lolote

Habari zenu wakubwa. Mimi ni karani wa karo katika shule ya kutwa hapa Kenya. Jana usiku nambari nisiyoijua ilinitumia picha ya ujumbe wa M-Pesa, bila hata salamu. Inaonyesha shilingi 6,500 kwenda shuleni, tarehe, saa na msimbo wa herufi na tarakimu, jumla 10. Pale kwenye akaunti, ambapo mzazi huandika nambari ya usajili ya mtoto, pameandikwa "Brian" tu. Tuna akina Brian wanne.

Picha hubadilishwa, kwa hiyo nimeutafuta msimbo kwenye taarifa ya malipo ya shule, herufi kwa herufi, maana O na 0 hufanana. Pesa zimeingia kweli. Ila jina la mlipaji si la mzazi yeyote. Huenda ni mjomba. Nimepiga simu, haipokelewi. Sijaandika risiti.

Brian mmoja anadaiwa 6,500 kamili. Je, hilo latosha kumwekea? Na mlipaji akipatikana, nimwombe nambari ya usajili peke yake, au pia athibitishe jina kamili na darasa?